Kikapu cha Ajabu, si cha Uchawi: Kutafsiri Kitabu cha Picha kwa Jicho na kwa Sikio

Tafsiri nyingi tunazozihakiki darasani huwekwa mezani zikiwa mbili mbili: matini chanzi upande huu, matini lengwa upande ule, na mhakiki akipitisha kidole kutoka sentensi hadi sentensi. Kitabu cha picha cha watoto hakikubali kuhakikiwa hivyo. Kwanza, kina matini ya tatu, yaani mchoro, ambayo mfasiri haruhusiwi kuigusa. Pili, mlengwa wake wa kweli bado hajui kusoma. Yeye anatazama tu, na maneno yanamfikia kwa sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo sentensi inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye karatasi na bado ikamwangusha msomaji katikati ya pumzi, au ikamwambia mtoto kitu ambacho macho yake yamekwisha kukiona, au, mbaya zaidi, kitu ambacho macho yake yanakikataa.

Nitachukua mfano mmoja tu. Ni hadithi ya Ursula Nafula, mwandishi wa Kenya, iitwayo kwa Kiingereza Grandma's Bananas, yenye michoro ya Catherine Groenewald. Inapatikana katika African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza kutoa hadithi zake hadharani mwaka 2014. Leseni ya hadithi hizo ni huria: mtu yeyote anaweza kutafsiri, kubadilisha na kuchapisha, mradi awataje mwandishi na mchoraji. Kwa sababu hiyo hadithi moja yaweza kuwa na tafsiri kadhaa za Kiswahili, na hakuna iliyo na haki ya kuitwa rasmi. Hapa ninahakiki rasimu mbili zilizofanywa na makundi mawili ya wanafunzi wenzangu, ambazo nilizisoma kwa sauti mbele ya watoto wa Gitega, kisha wa Muyinga. Nitaziita rasimu ya kwanza na rasimu ya pili. Ya kwanza ni aminifu sana kwa Kiingereza. Ya pili ni fupi kwa karibu theluthi moja, nami naiona bora, ingawa si kila mahali.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Msichana, ambaye ndiye msimulizi, anapendwa sana na bibi yake na kuambiwa siri nyingi, isipokuwa moja: mahali bibi anapoivisha ndizi. Siku moja anaona kikapu kikubwa kimewekwa juani, na kando yake majani ya mgomba ambayo bibi anayageuza. Akiuliza, anapewa majibu ya fumbo. Baadaye kikapu hakionekani tena. Baada ya siku mbili anatumwa chumbani kuchukua fimbo, na harufu ya ndizi zinazoiva inampokea mlangoni. Anagundua kikapu kimefunikwa blanketi kuukuu. Anakula ndizi moja kwa siri, kesho yake anachukua nne. Siku ya soko inafika, bibi anatafuta ndizi zake za kuuza, na jioni msichana anaitwa mbele ya wazazi na bibi.

Nianze na neno lililonifanya niandike makala hii. Katika Kiingereza bibi anakiita kikapu chake kwa neno ambalo kamusi hulifasiri haraka kuwa uchawi. Rasimu ya kwanza ikaandika "kikapu changu cha uchawi", kisha "majani yangu ya uchawi", kisha "mahali pangu pa uchawi". Kisarufi hakuna kosa. Lakini tazama alichofanyiwa yule mwanamke. Ni mzee, anaishi katika nyumba yake peke yake, anageuza majani juani, ana chumba cha ndani kilichofichwa, na sasa kwa kinywa chake mwenyewe anakiri uchawi mara tatu. Katika Kiingereza cha vitabu vya watoto neno lile linanukia mchezo na mshangao. Katika Kiswahili uchawi ni kudhuru watu. Katika Kirundi mtoto ataligeuza kichwani kuwa uburozi, na huyo bibi atakuwa umurozi. Wanawake wazee katika nchi zetu wamewahi kufukuzwa makwao, na hata kuuawa, kwa tuhuma ya namna hiyo. Hapo si suala la ladha ya mfasiri. Nilipofika kwenye ukurasa ule mjini Gitega, mtoto mmoja alijisogeza nyuma, na mwingine akauliza kwa Kirundi kama yule msichana ataroga naye akizila ndizi. Kuanzia hapo walikuwa wanasikiliza hadithi nyingine, hadithi ambayo michoro haiisimulii. Kila ukurasa uliofuata bibi alikuwa mpole pichani na wa kutisha masikioni.

Rasimu ya pili iliandika "cha ajabu". Walikuwa wamefikiria pia "cha miujiza" wakaliacha kwa kuwa linapeleka mawazo kanisani na msikitini, na "cha mazingaombwe" wakaliacha kwa kuwa ni neno la maonyesho jukwaani, tena ni refu. Ajabu ni neno dogo ambalo mtoto analisikia kila siku, na linabeba kile kile ambacho bibi anakitaka: usiniulize zaidi. Naongeza kwamba urefu haukuwa sababu. "Ni kikapu changu cha uchawi" ina silabi kumi, na "Ni kikapu changu cha ajabu" nayo ina kumi. Rasimu ya kwanza haikubanwa na nafasi wala mdundo. Ilibanwa na kamusi.

Neno likishachaguliwa, kuna zawadi ambayo Kiswahili kinaitoa bure na ambayo Kiingereza hakina. Majibu matatu ya bibi katika Kiingereza yanarudia maneno yale yale mbele ya kila kitu. Hakuna kinachobadilika isipokuwa jina la kitu chenyewe. Kwetu upatanisho wa kisarufi unayatikisa maneno yote: kikapu changu cha ajabu, majani yangu ya ajabu, mahali pangu pa ajabu. Mwanzo unabadilika, mwisho unabaki. Hicho ndicho hasa kiitikio kinachotakiwa kuwa. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika kila jibu sauti inapanda mahali pale pale: kwenye neno la kitu, kwenye kimilikishi, kisha kwenye "ja" ya ajabu. Jibu la tatu linahitaji kitenzi, "Ziko mahali pangu pa ajabu", na hivyo lina silabi kumi na moja badala ya kumi. Sikio halilalamiki, kwa sababu mkia wa sentensi haujaguswa.

Kwa mtoto wa Burundi kuna faida ya ziada. Kirundi nacho kinapatanisha: igitebo canje, amababi yanje, ahantu hanje. Ki inakwenda na c, ma inakwenda na ya, pa ya Kiswahili inasimama mahali pa ha ya Kirundi. Mtoto wa Gitega, ambaye Kiswahili anakutana nacho hasa shuleni, hana haja ya kufundishwa ngeli ili aelewe kwa nini bibi amesema pangu na si yangu. Lugha yake imekwisha kumwandaa. Katika usomaji wa pili watoto walikuwa wakimtangulia msomaji: nikisema "Ni majani", wao wanamalizia. Hakuna aliyesema "majani changu". Katika mazungumzo ya mitaani huku kwetu "mahali yangu" inasikika sana, na mwenzetu mmoja alipendekeza tuitumie ili hadithi isikike kama ya nyumbani. Mimi napinga, na sababu yangu si usanifu tu. Wasemaji wengi wa Kirundi hutamka l kama r, kwa hiyo mahali hutoka kinywani kama mahari. Ukisema "mahari yangu ya ajabu", bibi anazungumzia ng'ombe wa posa! Ukisema "mahari pangu pa ajabu", ile pa inamrudisha msikilizaji kwenye mahali bila yeye kujua kwamba alikuwa amepotea.

Suala la ukubwa wa kikapu lilizua ubishi mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwandishi anasema kikapu ni kikubwa, na mwalimu wetu mmoja alitukumbusha kwamba Kiswahili kina kapu, ambalo kwa umbo lake tayari ni kubwa, na kwamba "kikapu kikubwa" ni kama kusema kitoto kikubwa. Hoja ni nzuri. Lakini kapu likiingia, kiitikio kinakuwa "kapu langu la ajabu", na zile l mbili katika kinywa cha Kirundi zinageuka rangu ra. Ulinganifu na canje unapotea pia. Tena ukubwa ni kitu ambacho mchoraji amekwisha kukitoa. Kikapu kinaonekana, hakuna mtoto atakayedhani ni kidogo kwa sababu ya kiambishi ki. Rasimu ya pili ilibaki na kikapu, ikataja "kikubwa" mara moja tu na kuliacha neno hilo lisirudi tena.

Hapo tunafika kwenye kanuni ambayo naiona ndiyo kiini cha kazi hii: neno lifanye kile ambacho mchoro hauwezi. Rasimu ya kwanza ilieleza kikapu kuwa "cha majani makavu, kilichokuwa kimewekwa nje juani". Maneno mawili, "kilichokuwa kimewekwa", yana silabi tisa, na yote yanasema kile ambacho mtoto amekiona kabla msomaji hajafungua kinywa. Na hayo "majani makavu" yana madhara zaidi ya kurefusha. Ukurasa unaofuata unaleta majani ya mgomba, na mtoto aliyesikia majani mara mbili anafikiri kikapu kimesukwa kwa majani hayo hayo, kwamba bibi anageuza majani ili asuke kikapu kingine. Mjini Muyinga niliulizwa swali hilo hasa. Rasimu ya pili iliandika tu: "Nje, juani, pana kikapu kikubwa. 'Bibi, kikapu hiki cha nini?'" Kimesukwa kwa nini? Aulizwe mchoraji.

Tulikuwa na majaribio mawili ya kupima jambo hili, na nayapendekeza kwa yeyote anayefanya kazi kama hii. La kwanza, funika maandishi kwa karatasi na umwombe mtoto asimulie kila picha kwa lugha yake. Chochote atakachokisema bila kusaidiwa ni mgombea wa kufutwa katika matini. La pili, kifiche kitabu na usome matini peke yake. Pale msikilizaji anapouliza "nani?" au "wapi?", angalia kama picha inajibu. Isipojibu, matini ina tundu. Katika hadithi hii jaribio la kwanza lilionyesha kwamba nguo, blanketi, jua na kikapu havihitaji maelezo. La pili lilionyesha kwamba vitu vitatu havipo pichani hata kidogo: harufu, muda, na kile msichana anachokijua moyoni. Siku mbili kupita haziwezi kuchorwa. Tabasamu linachorwa, lakini sababu yake haichorwi.

Ndiyo maana ukurasa wa harufu ndio ninaoulaumu zaidi katika rasimu ya kwanza, na nao ndio mahali pekee ambapo ufupi wa rasimu ya pili umeniudhi. Rasimu ya kwanza ilitumia maneno yake yote kueleza chumba, mlango na blanketi, kisha ikaitaja harufu kwa neno moja mwishoni, msomaji akiwa hana pumzi. Rasimu ya pili, kwa tamaa ya kufupisha, ilisema tu kwamba msichana alinusa ndizi. Zote mbili zimeukosa ukurasa. Hapa mchoraji amemwachia mfasiri kazi peke yake. Msomaji anahitaji neno la kuvutia hewa puani, na Kiswahili kinalo: kunusa lenyewe lina n na s zinazoweza kuvutwa. Ningependekeza harufu itangulie kila kitu, hata mlango: "Harufu! Harufu ya ndizi mbivu." Kisha kimya kidogo. Kisha kikapu, ambacho watoto watakuwa wamekwisha kukitafuta kwa macho. Nilipousoma ukurasa kwa mpangilio huo Gitega, walikinyooshea kidole kabla sijakitaja.

Kuhusu kuiva kwenyewe, Kiswahili kina kitenzi kizuri, kuvundika, yaani kufunika matunda mabichi ili yaive. Makundi yote mawili yalikiacha kwa kuogopa kwamba watoto hawakijui. Ni kweli hawakijui. Lakini tendo wanalijua kuliko watoto wa nchi nyingi. Burundi ni nchi ya migomba, na ndizi za pombe huivishwa katika shimo lililofunikwa majani. Mtoto wa mlimani ameona shimo hilo. Kwa hiyo ukisema mapema kwamba siri ya bibi ni mahali "anapovundikia" ndizi, neno geni linaelezwa na kitabu kizima, ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho wake mtoto amepata kitenzi cha kudumu. Hatari iko kwingine. Mtoto anayejua shimo atatarajia shimo, na picha itampa kikapu na blanketi. Mmoja wa wasikilizaji wangu alidai kabisa kwamba bibi huyo hajui kazi. Sioni kama hilo ni tatizo la tafsiri. Mfasiri asijaribu kuingiza shimo ili kumridhisha. Picha itamwumbua papo hapo. Ubishi kati ya mtoto na mchoro ni sehemu ya kusomewa.

Palipohitaji ujuzi wa migomba ni kwenye wizi wa pili. Kiingereza kina neno moja kwa fungu lolote la ndizi, liwe zima kutoka mgombani au kipande cha kushika mkononi. Kiswahili kinatenga: mkungu ni ule mzima uliokatwa mgombani, na chane ni safu moja ya ndizi katika mkungu huo. Rasimu ya kwanza iliandika kwamba msichana alichukua "mkungu wa ndizi nne" na kuuficha ndani ya gauni. Mkungu wa ndizi nne haupo duniani, na mkungu wa kweli humwinamisha mtu mzima. Watoto wa Muyinga walicheka, na si mahali pa kuchekesha; hapo msichana ananyata kuelekea mlangoni na tumbo la msikilizaji linapaswa kubana. Rasimu ya pili ilisema "ndizi nne" basi. Hata chane halikuhitajika. Namba inatosha, kwa sababu siku iliyotangulia ilikuwa moja, na mtoto anaweza kuhesabu wizi unavyokua.

Mara tu baada ya hapo bibi anakohoa nje. Kikohozi hakichoreki, kwa hiyo ni mali ya msomaji. Rasimu ya pili iliweka "Kho! Kho!" kwenye mstari wake peke yake, na sentensi iliyofuata ndiyo ikamtaja bibi. Mpangilio huo ni mzuri mno: mtoto anasikia kikohozi kwa wakati ule ule msichana anapokisikia, na wote wawili wanajiuliza ni nani. Rasimu ya kwanza ilimtaja bibi, ikasema anakohoa, na hofu ikafa kabla ya kuzaliwa. Ila niseme pia kwamba rasimu ya pili, baada ya kuonja utamu wa tanakali za sauti, iliziongeza kila mahali: miguu tap tap, mlango kwii, ndizi nyam nyam. Zikiwa nyingi kikohozi kinapotea katikati yake. Mimi ningeacha kikohozi kikae peke yake katika kitabu kizima.

Sasa nizungumzie sikio kwa upande wa sarufi, kwa sababu hapa makosa hayaonekani kwenye karatasi hata kidogo. Masimulizi ya Kiswahili hupenda kuanza na -li- na kuendelea na -ka-: nilifungua, nikaingia, nikanusa. Katika hadithi ya kawaida mnyororo wa -ka- unaweza kwenda mbali. Katika kitabu cha picha kila ukurasa ni kituo. Msomaji anageuza, anakizungusha kitabu ili wa pembeni nao waone, watoto wanasema, mmoja anataka kwenda nje. Akirudi kusoma na sentensi ya kwanza ni "nikakimbia", ile -ka- inaning'inia hewani, maana kile kilichoitangulia kimesahauliwa. Rasimu ya kwanza ilianza kurasa kadhaa hivyo. Dawa ni ndogo: ukurasa uanze na -li- au na kishazi cha wakati kama "nilipofungua mlango", kisha -ka- zifuate ndani ya ukurasa huo huo. Kanuni hii ivunjwe kwa makusudi mahali pamoja tu, pale ambapo ukurasa unapaswa kugeuzwa haraka bila mazungumzo. Katika hadithi hii mahali hapo ni anapopita mbele ya bibi na ndizi zikiwa ndani ya gauni.

Jambo la pili ni nafsi. Kiingereza kinamtaja bibi kwa kiwakilishi cha kike na msomaji wake haulizi. Kiswahili kina a- kwa kila mtu, na kuna ukurasa ambapo bibi anakwenda kumtembelea mama wa msichana. "Alipofika alimwambia" inaweza kuwa yeyote kati yao, na kidole cha msomaji hakiwezi kuwa kwenye picha na kwenye mstari kwa wakati mmoja. Hapo jina lirudiwe bila aibu. Katika insha tunafundishwa kuepuka marudio. Katika kusomewa, marudio ya "Bibi" ni mkono unaomshika mtoto. Zaidi ya hayo, mjukuu wa kwetu hamrushii bibi yake swali likiwa uchi. Rasimu ya pili ilianza kila swali la msichana na "Bibi", jambo ambalo ni adabu na pia linamwambia msikilizaji nani anaulizwa.

Jambo la tatu ni hesabu ya maneno. African Storybook hupanga hadithi katika ngazi tano, kuanzia neno moja au sentensi fupi kwa ukurasa hadi matini ndefu za kusomewa na mtu mzima. Kwa hiyo mfasiri huvutwa kuhesabu maneno, na Kiswahili humdanganya. "Nilipomuuliza" ni neno moja kwetu na manne kwa Kiingereza. Ukurasa wa Kiswahili wenye maneno machache unaweza kuwa mzito kuliko wa Kiingereza wenye mengi. Mimi hupima kwa pumzi: mpe matini mtu ambaye hajaiona, mwombe asome akiwa ameshika kitabu pembeni, uso wa kitabu ukiwa kwa watoto, na utie alama kila anapovuta hewa mahali pasipo na koma na kila anaporudia neno. Mfasiri mwenyewe asijipime, kwa kuwa yeye anajua sentensi inaelekea wapi. Alama zikipatikana, mstari uvunjwe pale pumzi inapovunjika, wala si pale nafasi ya karatasi inapoisha, na neno refu lisikatwe kwa kistari. Msomaji anayesoma kitabu kwa pembeni akikuta "nilipom-" mwishoni mwa mstari atasita, na watoto watamsikia akisita.

Muyinga ilinifanya nifikirie jambo hili kwa namna nyingine. Mji huo una maktaba iliyojengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa na kukamilika mwaka 2012, yenye wavu mkubwa wa kamba za katani juu ambako watoto hulala na kusoma, na ilijengwa kama sehemu ya shule ya watoto viziwi. Mtoto kiziwi akisimuliwa hadithi kwa lugha ya alama hawezi kutazama mikono na picha kwa wakati mmoja. Msimulizi naye hawezi kushika kitabu na kutoa alama. Kwa hiyo ni lazima picha itangulie, itazamwe hadi ikinaishe, kisha mikono ianze. Nilipojaribu utaratibu huo kwa watoto wanaosikia, yaani picha kwanza kwa kimya, maneno baadaye, urefu wa rasimu ya kwanza ulizidi kuonekana. Baada ya kutazama picha ya kikapu kwa muda wote huo, hakuna aliyetaka kuambiwa kwamba kuna kikapu. Walitaka kujua bibi amejibu nini.

Ukurasa wa jioni, msichana anapoitwa, umefupishwa sana na mwandishi mwenyewe. Msichana anasema tu kwamba sababu anaijua. Rasimu ya kwanza iliona hapo nafasi ya malezi na ikaongeza sentensi mbili kuhusu ubaya wa wizi, ambazo hazimo katika matini chanzi na ambazo kitabu hakina haja nazo, kwa kuwa ukurasa unaofuata unampa msichana nafasi ya kusema mwenyewe alichoamua kitandani. Rasimu ya pili iliacha kimya. Gitega kimya hicho kilidumu hadi msichana mdogo aliyekaa mbele akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kwamba ni zile nne.

Limebaki jina la kitabu, ambalo makundi yetu hayajakubaliana. Rasimu ya kwanza inasema Ndizi za Nyanya, kwa kufuata Kiswahili cha Kenya alikotoka mwandishi. Lakini kitabu kinafunguka kwenye shamba la mtama, ulezi na muhogo, na watoto wa Gitega walianza kutafuta nyanya pichani kati ya mimea. Rasimu ya pili inasema Ndizi za Bibi, kama Watanzania. Muyinga, karibu na njia ya Kobero iendayo Tanzania, neno hilo lilipita bila swali. Kwa wanaofuata Kiswahili cha upande wa Kongo, bibi ni mke wa mtu, na msikilizaji mmoja aliuliza mume yuko wapi. Kuna aliyependekeza Ndizi za Nyogokuru, neno la Kirundi ndani ya jina la Kiswahili, kwa hoja kwamba mtoto ataelewa mara moja na kamusi itazoea. Mimi nimepigia kura Bibi, kwa sababu jalada lina picha ya mwanamke mzee na picha hiyo inamaliza ubishi kabla haujaanza. Kura zilikuwa nne kwa nne.